Ofa ya Uingereza mkononi, cheti cha udhamini kimya: barua fupi, barua ya ratiba au simu?

Umepata ofa ya kazi Uingereza. Barua ina tarehe ya kuanza, ina mshahara, na kwenye aya ya nne imejificha sentensi moja: ofa hii ni ya masharti mpaka viza ipatikane. Wiki tatu zimepita tangu usaini. Ofisa ajira aliyekuwa akikujibu ndani ya saa moja wakati wa usaili sasa hajibu, huku bosi wako wa hapa anataka kujua kama Mei upo au haupo.

Watu waliofika hapo huchagua moja kati ya njia tatu. Wapo wanaotuma barua pepe fupi yenye swali moja. Wapo wanaoandika barua ya ratiba, wakipanga tarehe zote kutoka mwisho kurudi mwanzo. Na wapo wanaompigia simu meneja aliyewasaili. Zote tatu ni halali, ila kila moja hufungua mlango wake, na ukibisha mlango usio wako utajibiwa "tunashughulikia" hadi uchoke.

Hapa tunazungumzia viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza, tuseme mhandisi, mhasibu au mtaalamu wa kompyuta aliye Dar es Salaam, Nairobi au Kampala.

## Kimya kinatoka wapi

Cheti cha udhamini, ambacho kwenye barua zao utakiona kama CoS, si karatasi. Ni rekodi ya kielektroniki yenye namba, na bila namba hiyo fomu yako ya viza haiendi popote. Mwajiri hukiomba kupitia mfumo wa udhamini wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Ndani ya kampuni, watu wenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo huo ni wachache. Wenye uwezo wa kuomba cheti na kukikabidhi huitwa humo `Level 1 User`. Ofisa ajira anayekuandikia mara nyingi si mmoja wao. Naye anasubiri mtu, na pengine hajui mtu huyo amefika wapi.

Aliye nje ya nchi anahitaji cheti cha aina ya `Defined CoS`, kinachoombwa kwa ajili ya nafasi moja mahususi. Kwa kawaida Wizara hujibu ombi hilo ndani ya siku moja ya kazi, lakini ikitaka maelezo zaidi kuhusu nafasi au mshahara, siku hugeuka wiki. Kikishaidhinishwa, mwajiri ana miezi 3 ya kukukabidhi. Ukishakabidhiwa, nawe una miezi 3 ya kukitumia kuombea viza, na huwezi kuomba ikiwa imebaki zaidi ya miezi 3 kabla ya tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa humo. Kwa hiyo ofa ya Februari inayotaka uanze Septemba haina sababu ya kuwa na cheti Machi. Hapo kimya si dalili ya ubaya wowote.

Kuna aina ya pili, `Undefined CoS`, ambayo hutumika zaidi kwa watu walio tayari ndani ya Uingereza, na mwajiri hupewa mgao wake wa mwaka kuanzia Aprili. Ukiambiwa "tunasubiri mgao wa Aprili" na wewe uko Dodoma, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyekujibu amechanganya aina hizo mbili. Cheti chako hakitegemei mgao ule. Kosa hili hutokea hasa kwenye kampuni ambazo kwa miaka mingi zimedhamini wanafunzi waliomaliza vyuo hukohuko na hazijawahi kumleta mtu kutoka nje.

Basi kimya kina vyanzo vinne: kampuni haina leseni ya udhamini, masharti ya ofa hayajakamilika, ombi la cheti halijapelekwa, au ombi limepelekwa na Wizara imeuliza swali. Kuuliza "viza yangu imefika wapi?" hakugusi hata kimoja, kwa sababu kwa wakati huo viza haipo. Unachopaswa kujua ni hatua.

Chanzo cha kwanza unaweza kukiondoa mwenyewe bila kumwandikia mtu. Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye GOV.UK. Tafuta kwa jina la kisheria la kampuni lililo kwenye mkataba, maana jina la biashara lililo kwenye nembo yao linaweza kuwa jingine kabisa. Ukilipata, angalia kama safu ya aina ya viza inasema `Skilled Worker` na daraja lao ni A. Kama hawamo, leseni ndiyo kwanza inaombwa au haijaombwa, na maombi mengi ya leseni huamuliwa ndani ya wiki 8. Kabla hujajua hilo, tarehe yoyote unayopanga haina mahali pa kusimama.

## Tutazipima kwa nini

Njia hizi tatu tunazipima kwa mambo manne. La kwanza ni mikono inayofikiwa: je, ujumbe unamfika mwenye ufunguo wa mfumo? La pili ni aina ya jibu unaloweza kulipata. La tatu ni maandishi yanayobaki, kwa sababu siku tarehe ya kuanza itakapobishaniwa, kilichosemwa kwa mdomo hakitakusaidia. La nne ni mahali njia hiyo inapokwama. Kila moja tunaifunga kwa kusema inamfaa nani.

## Barua fupi ya swali moja

Mikono inayofikiwa. Inamfika ofisa ajira, yule aliyekutumia ofa. Ijibu kwenye uzi uleule wa barua pepe, usifungue mpya, ili akikupeleka kwa mwenye mfumo historia yote iwe chini yake.

Jibu unalopata. Barua hii hufanya kazi ikiwa swali ni dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulijibu akiwa amesimama. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii:

> Habari za asubuhi. Nimeshatuma vyeti vya shule na majina ya watu wawili wa kunithibitisha mlivyoomba tarehe 13 Februari. Naomba kujua jambo moja: je, ombi la cheti cha udhamini limeshapelekwa Wizarani, au kuna kitu kutoka kwangu kinachosubiriwa kwanza? Nimeambatisha ukurasa wa picha wa pasipoti yangu ili jina liandikwe kama lilivyo humo.

Swali lina majibu matatu tu: limepelekwa, halijapelekwa, au tunasubiri kitu kwako. Kila jibu linakuonyesha hatua. Pasipoti imeambatishwa kwa makusudi. Majina yetu matatu hupangwa ovyo kwenye fomu zao. Jina la babu likiwekwa pasipo pake, cheti hutoka na jina lisilolingana na pasipoti, kisha mwajiri arudi kwenye mfumo kuongeza maelezo ya kusahihisha. Hizo ni siku zako zinazopotea.

Salamu iwe mstari mmoja. Habari za nyumbani, za kazi na za hali ya hewa ni adabu kwetu, lakini ofisa wa huko anayesoma barua arobaini kwa siku ataona mistari mitatu ya kwanza kwenye simu yake, na swali lako likiwa la nne halipo.

Maandishi yanayobaki. Yapo, ila ni membamba. "Tumelipeleka wiki hii" ni rekodi nzuri, lakini haisemi chochote kuhusu tarehe ya kuanza.

Inapokwama. Hukwama pale ofisa ajira mwenyewe anapokuwa hajui. Utapewa sentensi ya upole isiyo na tarehe. Ukituma barua ya pili na ya tatu zenye swali lilelile, kilichobadilika ni kwamba sasa unahesabiwa kuwa msumbufu. Ipe siku 5 za kazi, ukitoa sikukuu zao. Kimya kikiendelea, badilisha njia badala ya kurudia barua.

Inamfaa nani. Aliyesaini ofa chini ya mwezi mmoja uliopita, ambaye bado ana wiki kumi au zaidi kabla ya kuanza, na ambaye hana deni la nyaraka kwa mwajiri. Inamfaa pia mwenye ofa ya mdomo tu, ila kwake swali ni tofauti: je, kampuni itadhamini nafasi hii, na ofa ya maandishi itatoka lini?

## Barua ya ratiba

Mikono inayofikiwa. Inaanzia kwa ofisa ajira, lakini haibaki kwake. Barua yenye tarehe hupelekwa mbele kwa mwenye mfumo, kwa meneja na wakati mwingine kwa wakili wa uhamiaji wa kampuni, kwa sababu imewafanyia hesabu waliyokuwa hawajaifanya. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Jibu unalopata. Tuichukue kesi moja hatua kwa hatua. Mhandisi wa ujenzi yuko Dar es Salaam. Ofa ya masharti ameipata tarehe 9 Februari 2026, na inataka aanze Jumatatu tarehe 11 Mei. Leo ni Jumatatu tarehe 2 Machi. Ana kazi ya mshahara wa mwezi, na hana nia ya kuacha kazi kabla ya kuiona viza, jambo ambalo ni busara.

Anaanza na notisi, kitu ambacho mwajiri wa Uingereza hakioni. Sheria ya ajira ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kenya nayo ni siku 28. Ili aanze tarehe 11 Mei akiwa amefika siku tatu kabla, notisi ilipaswa kuingia takriban tarehe 10 Aprili, na viza iwe mkononi kabla ya hapo. Maamuzi ya viza kwa walio nje kwa kawaida huchukua wiki 3 tangu kutoa alama za vidole. Maana yake alama zitolewe kufikia tarehe 19 Machi, na cheti kiwe kimefika siku kadhaa kabla yake. Leo ni tarehe 2 na hata ombi halijathibitishwa.

Halafu kuna pesa. Mwombaji anatakiwa kuonyesha pauni 1,270 zilizokaa kwenye akaunti yake siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya hapo hata siku moja, isipokuwa mwajiri mwenye daraja A athibitishe kwenye cheti kwamba atamtunza mwezi wa kwanza. Mhandisi wetu amezikamilisha pesa hizo leo asubuhi. Siku ya 28 ni tarehe 29 Machi, kwa hiyo fomu haiwezi kwenda kabla ya tarehe 30. Kwa hesabu ya pesa hizo na muda wa kawaida wa viza, tarehe 11 Mei imeshakufa, na hakuna aliyemwambia.

Sasa anapanga upya. Fomu iende Jumatatu tarehe 30 Machi, kwa hiyo cheti kiwe kimefika kufikia Ijumaa tarehe 27. Alama za vidole atoe tarehe 1 au 2 Aprili akipata nafasi. Akikosa, atakumbana na Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Siku ya Karume tarehe 7, hivyo nafasi ya karibu ni tarehe 8. Wiki 3 kutoka hapo ni tarehe 29 Aprili. Notisi inaingia tarehe 30 Aprili na siku 28 zinaisha tarehe 27 Mei. Jumatatu ya tarehe 25 Mei ni sikukuu ya Uingereza na tayari imepita. Basi Jumatatu ya kweli ya kuanza kazi ni tarehe 1 Juni.

Barua yake, kwa maana, inasomeka hivi:

> Nimepanga ratiba kutoka tarehe ya kuanza kurudi nyuma, nikizingatia notisi yangu ya kisheria ya siku 28 na wiki 3 za uamuzi wa viza. Tarehe 11 Mei haitawezekana. Ya karibu inayowezekana ni Jumatatu tarehe 1 Juni. Ili kuifikia, nitahitaji namba ya cheti kufikia Ijumaa tarehe 27 Machi. Naomba mambo mawili kabla cheti hakijaombwa: (1) mkubali tarehe 1 Juni ndiyo iandikwe kwenye cheti; (2) mnijulishe kama kampuni itathibitisha kunitunza mwezi wa kwanza. Kipimo cha kifua kikuu nitakifanya wiki hii. Cheti cha Kiingereza ninacho.

Angalia kwamba haombi haraka. Anaomba tarehe iliyo sahihi iandikwe mara moja, jambo linalompunguzia kazi mwenye mfumo. Tarehe ya kuanza ikishaingia kwenye cheti inaweza kusogezwa kwa maelezo ya mwajiri, lakini kila badiliko ni taarifa ambayo mwajiri anapaswa kuitoa, na waajiri waangalifu hawapendi rekodi zenye viraka.

Mstari wa kipimo cha kifua kikuu si mapambo. Anayeomba akiwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji cheti hicho kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na kinatumika miezi 6. Wengi husubiri CoS ndipo wakapime. Kwa mwenye picha safi ya kifua hakuna hasara. Lakini daktari akiona kivuli, hata cha ugonjwa wa zamani uliopona, makohozi huoteshwa na majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 8. Wiki hizo zikianza baada ya cheti kukabidhiwa, zinakula sehemu kubwa ya miezi 3 yako. Zikianza mapema, zinapita wakati bado mnasubiriana.

Cha Kiingereza nacho ni hivyohivyo. Tangu tarehe 8 Januari 2026 kiwango kwa anayeomba viza hii mara ya kwanza ni B2. Shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza Dar es Salaam au Nairobi inakubalika, lakini lazima ipitie kwanza Ecctis, taasisi ya Uingereza inayokagua vyeti vya nje, ithibitishwe; barua ya chuo peke yake haitoshi.

Maandishi yanayobaki. Hapa njia hii haina mshindani. Wakijibu "tumekubali tarehe 1 Juni", una maandishi ya tarehe mpya na sababu yake. Ikitokea baadaye mtu akasema ofa imekufa kwa sababu hukuanza tarehe 11 Mei, uzi wa barua unaeleza.

Inapokwama. Inakwama ikiandikwa mapema mno, yaani kabla ofa haijasainiwa, kwa sababu unakuwa unapangia ratiba kampuni ambayo bado inaamua. Inakwama pia ikiwa nafasi ina tarehe isiyosogezeka, kama mafunzo ya wahitimu yanayoanza siku moja kwa wote. Kumwambia mwajiri wa namna hiyo kwamba hutawahi ni kumpa sababu ya kumwita aliye wa pili kwenye orodha. Kwa nafasi kama hizo jadili kwanza na mwajiri wako wa hapa kama anaweza kupunguza notisi kwa makubaliano, kisha ndipo uandike ratiba. Ipo pia huduma ya haraka ya viza, ya siku 5 za kazi kwa pauni 500 za ziada pale inapopatikana. Ni vizuri kuuliza kama kampuni hulipia. Na usiwaandikie tarehe kumi na tano. Mhandisi wetu alipiga hesabu ya tarehe nyingi, akawapa mbili.

Inamfaa nani. Mwenye ofa iliyosainiwa, mwenye kazi anayoiacha, mwenye familia inayomfuata, au yeyote ambaye tarehe iliyo kwenye ofa tayari imekuwa ngumu. Mwenye familia akumbuke kwamba mwenzi na watoto wana kiasi chao cha kuonyesha juu ya zile pauni 1,270.

## Simu kwa meneja

Mikono inayofikiwa. Inamfika mtu ambaye pengo lake linauma. Ofisa ajira ana nafasi thelathini za kujaza. Meneja ana kiti kimoja kitupu pembeni yake na mradi unaochelewa. Yeye hana ufunguo wa mfumo, lakini anajua ofisi ya mwenye ufunguo ni ipi na anaweza kwenda kwa miguu.

Jibu unalopata. Simu huleta habari ambazo barua haileti: kwamba bajeti ya idara imesimamishwa hadi mwaka mpya wa fedha, kwamba ofisa ajira wako ameacha kazi na uzi wako haukurithiwa na mtu, kwamba Wizara imeuliza maswali kuhusu nafasi na majibu yanaandaliwa. Hakuna atakayekuandikia hayo. Kwa sauti, mtu huyasema.

Usipige bila kutanguliza. Tuma mistari miwili ukiomba dakika kumi, useme umeshamwandikia ofisa ajira tarehe fulani, na umweke kwenye nakala. Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha kuomba msaada na kushtaki. Meneja akipokea malalamiko ambayo ofisa ajira hajui, kwanza atamtetea mwenzake. Na kwenye simu uliza swali lilelile la hatua: ombi limeshapelekwa? Kama bado, linamsubiri nani?

Saa nazo zizingatie. Uingereza inasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na tofauti yake na Afrika Mashariki inashuka kutoka saa tatu hadi mbili. Andika miadi kwa saa za London, na uitaje kwa mtindo wao. "Saa tatu" ya kwetu imeshawakosesha watu miadi.

Maandishi yanayobaki. Hakuna, mpaka uyatengeneze. Siku hiyohiyo tuma barua fupi kwa wote wawili: asante kwa muda wako, nimeelewa kwamba ombi litapelekwa wiki ya tarehe 16 Machi, nisahihishe kama nimekosea. Asiposahihisha, una kitu.

Inapokwama. Meneja anaweza kukuahidi kwa nia njema jambo lisilo mikononi mwake. "Utakipata wiki ijayo, usijali" inatoka kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mfumo. Usikate tiketi wala kutoa notisi kwa sentensi hiyo. Na kwenye kampuni kubwa zenye taratibu ngumu, meneja amekatazwa kabisa kuzungumzia viza. Atakurudisha kwa rasilimali watu, na hapo umetumia karata yako bure.

Inamfaa nani. Aliyeandika barua mbili bila kujibiwa, hasa kwenye kampuni ndogo ambako meneja na mwenye mfumo wanakula chakula cha mchana pamoja. Inamfaa pia ambaye barua zake zimeanza kurudi au kujibiwa na mashine.

## Vipi kuhusu wakala

Kama ofa ilikuja kupitia wakala wa ajira, uliza kupitia kwake kwanza, lakini omba nakala ya alichoandikiwa na mwajiri, usiridhike na muhtasari wake. Na likija neno la malipo, simama hapo. Gharama ya kutoa cheti, ambayo tangu Aprili 2025 ni pauni 525, ni ya mwajiri, na kwa vyeti vilivyotolewa tangu tarehe 31 Desemba 2024 haruhusiwi kumtoza mfanyakazi. Ada ya leseni na tozo ya ujuzi pia ni zake. Unacholipa wewe ni ada ya viza, mchango wa afya wa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na vipimo, isipokuwa mwajiri ajitolee kukulipia. Anayeuza CoS anauza kitu ambacho huenda kikafutwa ukiwa tayari umeshatua. Na kwa wanaoahidiwa kazi ya kutunza wazee: usajili mpya kutoka nje kwa kazi hiyo ulifungwa tarehe 22 Julai 2025, kwa hiyo hakuna cheti cha kufuatilia.

## Kwa hali yako

Kama ofa ni ya mdomo au hujaisaini, tuma barua fupi, swali likiwa ni udhamini upo au haupo na ofa ya maandishi itatoka lini. Ratiba iweke droo. Kabla ya hapo angalia orodha ya leseni, ili usiulize kilicho wazi.

Kama umesaini, una kazi hapa na tarehe ya kuanza iko chini ya wiki kumi, anza na barua ya ratiba leo hii. Barua fupi itakupotezea wiki ambayo huna.

Kama tarehe iko mbali zaidi ya miezi 3, barua moja fupi inatosha: waulize wanakusudia kuomba cheti mwezi gani, kisha subiri hadi mwezi huo ufike. Wakati huo pesa za siku 28 zianze kukaa, na shahada iende Ecctis.

Kama umeambiwa kuna mgao unasubiriwa, jibu kwenye uzi uleule kwamba utaombea viza kutoka Tanzania au Kenya na uulize kama `Defined CoS` nayo inategemea mgao huo. Liandike kama swali. Aliyekosea atajisahihisha bila kuaibika.

Kama kampuni haina leseni bado, simu kwa meneja ina thamani kuliko barua zote, kwa sababu anayeweza kuamua kampuni iombe leseni, na ilipie huduma ya haraka au isilipie, yuko upande wake wa nyumba.

Na namba ya cheti ikifika, kabla hujafungua fomu ya viza, soma mistari mitano: jina kama pasipoti ilivyo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuanza mliyokubaliana, mshahara kama ulivyo kwenye ofa, na alama ya kwamba mwajiri atakutunza mwezi wa kwanza, kama aliahidi. Kosa dogo hapo mwajiri anaweza kulirekebisha kwa dakika chache ukimwandikia siku hiyohiyo. Ukishalipia fomu, inakuwa habari nyingine.